Kliyan ameomba "kitu kidogo tu" katikati ya proje: namna ya kumujibu bila kufanya bure na bila kuharibu mambo naye

Hii ni ya wale tunaofanya programu, tovuti, dizaini na kazi zingine za bei iliyokatwa mbele. Mimi niko Bukavu lakini Goma na Lubumbashi mambo ni yale yale. Devi imesinyiwa, akonti umekula, kazi imefika nusu, kisha mesaji inaingia usiku: "kijana wetu, tuongezee tu hii kitu kidogo". Ukikubali, unatumika bure. Ukikataa vibaya, feza za mwisho zinachelewa, na kazi ya mwaka kesho anapewa mwingine.

Tutapita na kesi moja kuanzia mwanzo mpaka mwisho juu ushauri bila kesi hausaidie mutu. Tuseme ni shule ya private upande wa Kadutu, unawatengenezea programu ya minervali. Bei ni dola 1200, yaani siku 20 za kazi kwa dola 60 kila siku, wanalipa 40% mbele, 30% wakianza kujaribu, 30% ku mwisho. Devi inasema kazi ni hizi: kuandikisha wanafunzi, kupokea malipo mu dola na mu franka, risiti yenye logo ya shule, ripoti ya mwezi ya malipo, na listi ya wenye deni inayotoka mu Excel. Mama mwenye shule njo alisinya. Papa kontabule njo mwenye kukuandikia kila siku.

Sasa papa kontabule ameandika hivi:

"Jambo kijana wetu. Programu inaendelea muzuri, mama ameangalia, amefurahi sana. Tunaomba tu urekebishe hizi. Mwanafunzi akilipa sehemu mu dola na sehemu mu franka, jumla ku risiti haiko sawa. Logo ya shule haionekane. Ripoti ya mwezi itenganishe kila darasa. Mzazi akilipa apate SMS, na wenye deni wapate SMS ya kuwakumbusha. Na tuweke humo mishahara ya walimu, ni kitu kidogo juu majina yao iko tayari mu mashini. Tunakungojea Ijumaa."

Hatua ya 1: jibu haraka, lakini usijibu swali

Wengi wanaharibikia hapa, tena mu dakika ya kwanza. Unaona jina la kliyan, unataka kuonekana muzuri, unaandika "hakuna shida papa" ao unabonyeza kidole cha juu, na kwa kliyan hiyo ni ndiyo, kesho asubuhi ameisha kumuambia mama kwamba kijana amekubali SMS na mishahara. Kutoka hapo ukitaja bei haonekane tena mutu wa kazi, unaonekana mutu aliyegeuza maneno.

Lakini pia usinyamaze siku tatu. Mutu akiona umesoma na haujibu anaanza kutunga sababu zake mwenyewe. Tuma mesaji fupi yenye saa ndani:

"Aksanti papa, nimepokea vyote vitano. Leo napitia kimoja kimoja na devi mbele yangu, kesho mbele ya saa kumi nakutumia jibu lenye siku na bei kwa kila kitu. Ile ya jumla ya risiti naiangalia tangu sasa."

Ona neno "bei" limeisha kuingia pole pole, bila kupigana na mutu. Akiwa na maono yake juu ya hilo neno atasema leo, mbele haujafanya kitu. Na kama ombi limekuja mu vokali ya dakika nne, kama kawaida yetu, andika wewe mwenyewe yale yote aliyosema kwa kifupi umutumie uulize "nimeelewa hivi, ni sawa?", juu kwa vokali kila mutu anakumbuka yake.

Hatua ya 2: pasua ombi, kila kitu kiende mu fungu lake

Usijibu ombi la vitu vitano kwa ndiyo moja ao hapana moja. Karibu kila ombi la namna hii linachanganya deni lako wewe na kazi mupya, na kliyan hafanyi hivyo kwa ubaya, kwake vyote ni "programu haijakuwa vile tunataka". Kutenganisha ni kazi yako. Fungua devi iliyosinyiwa, sio ile iliyo mu kichwa, soma mustari kwa mustari.

Jumla ya dola na franka: hilo ni kosa lako. Devi inasema malipo mu dola na mu franka, na programu inahesabu vibaya. Mara nyingi sababu ni kwamba inachukua kiwango cha leo kugeuza malipo ya mwezi uliopita, mahali pa kulinda kiwango cha siku ile mzazi alilipa. Unarekebisha bure na haraka, na usiiweke mu listi ya "zawadi" unayopatia kliyan, hiyo ni deni.

Logo: imeandikwa mu devi. Kama haionekane labda walikutumia picha kubwa sana, ao hawajatuma kabisa, haidhuru, iko ndani, unaifanya.

Ripoti kwa kila darasa: hapa njo kunakuwa giza. Devi imesema "ripoti ya mwezi ya malipo" bila kusema inagawanywa namna gani. Kila mutu anaweza kuvuta upande wake. Sharti yangu ni hii: kama maneno ya devi niliyaandika mimi na yanaweza kusomwa namna mbili, na kazi haipite nusu siku, nakubali upande wa kliyan. Kwa nini? Juu mwenye shule wa kawaida akisikia "ripoti ya malipo" anawaza madarasa, hiyo ni haki yake, na ukibishana juu ya masaa mawili, ile hapana kubwa inayokuja nyuma itasikika kama tabia yako. Ila unaandika mu jibu kwamba umeifahamu hivyo na kwamba hapo njo mwisho wa ripoti, juu bila hiyo wiki ijayo wataomba itenganishe na wavulana na wasichana.

SMS na mishahara: hazipo mu devi, hakuna namna yoyote ya kuzisoma humo. Hizo mbili tu njo utakataa kufanya bure. Umeona? Ombi lililokuja likionekana la vitu vitano, bishano yake iko mu vitu viwili, na moja kati yake, mishahara, ni proje nzima ya peke yake.

Hatua ya 3: hesabu ile kazi mupya kabla ya kusema lolote

Usiseme "hiyo ni kazi mingi". Kila mutu anasema kazi yake ni mingi. Kaa chini uitenge vipande, juu hesabu njo itakupa sauti ya kutulia.

Tuchukue SMS. Kliyan anaona ujumbe mumoja unaotoka, pii. Wewe unaona hivi. Kwanza kuchagua mutu anayeuza SMS kwa wingi na kuunganisha programu kwake: siku moja. Kisha namba za wazazi, ambazo shule iliandika kila moja namna yake, ingine inaanza na 0, ingine na 243, ingine ina namba mbili mu kisanduku kimoja na alama ya mukwaju katikati, na mzazi wa watoto watatu asipate SMS tatu: siku moja. Kisha ukurasa wa kutuma, kuona nani amepokea na nani hakupokea, na kurudilia zile zilizokwama bila kutuma mara mbili kwa mutu aliyepokea: siku moja. Kujaribu ku simu za kweli za mitandao yote: nusu siku. Jumla siku tatu na nusu, dola 210.

Na kuko bei ya SMS zenyewe, ambayo haiishe. Hapa kuko kitu kimoja kizuri kukijua, na ukimuambia kliyan ataelewa kwamba haumuchezee. SMS ya kawaida inabeba herufi 160. Lakini ukiweka ndani herufi moja tu isiyo mu ile alfabeti ya kawaida ya SMS, ujumbe wote unashuka mpaka 70, na ukipita hapo unakatwa vipande vya herufi 67. Herufi "é" na "è" ziko ndani, hazina shida. Lakini "ç" ndogo haiko. Kwa hiyo ujumbe wa herufi 140 wenye neno "reçu" haulipwe kama SMS moja, unalipwa kama tatu. Kwa wazazi 450, kutuma mara moja ni SMS 1350 mahali pa 450, juu ya kale kamukia peke yake. Dawa ni kuandika "recu" bila kamukia, na pia kuangalia ile apostrofu iliyopinda ambayo simu inaweka yenyewe, nayo inaleta shida ile ile. Haya mambo njo yanakula siku, na kliyan hawezi kuyaona kama haumuonyeshe moja.

Mishahara sitaitenga hapa, tuseme umefika siku nane ukihesabu avans, siku za kukosa na makato. Kufanya yote mbili bure ni siku 11 na nusu juu ya zile 20. Dola 1200 ukigawa kwa siku 31 na nusu unapata kama 38 kwa siku. Umeisha kushusha bei yako karibu 37% na hakuna mutu aliyekuomba remizi. Hiyo hesabu ni yako, usimutumie kliyan, ni ya kukusaidia usilegee saa ya kuandika.

Hatua ya 4: jua nani anaomba na nani anaweza kulipa

Papa kontabule anaomba, lakini mama njo alisinya. Inawezekana mama hajasikia kabisa maneno ya mishahara, ni papa mwenyewe amechoka na kufanya mishahara kwa mukono kila mwisho wa mwezi, na ni haki yake kuchoka. Ukituma jibu la bei kwa wote wawili bila kumuambia, umemuvua nguo mbele ya patron wake, na yeye njo mwenye kushika faili ya malipo yako. Usifanye hivyo.

Mupigie simu kwanza, dakika tano: "Papa, nimeangalia. Vitatu navifanya bila kitu chochote. SMS na mishahara haviko mu devi, vina bei yake. Nitaandika jibu, je nikuandikie wewe peke yako kwanza, ao nimuweke na mama?" Mara nyingi atakuambia mwenyewe "ngoja niongee na mama", na ombi la mishahara linakufa hapo hapo bila mutu kupata haya. Ama atasema "andika tu, umuweke", na sasa yuko upande wako juu ulimuuliza.

Kama wewe ni kijana na kliyan ni mutu muzima, hiyo simu ina uzito zaidi ya maandishi yote. Hapana ya kuandikwa tu, bila sauti mbele yake, kwetu inasomwa kama dharau.

Hatua ya 5: andika jibu

Mpangilio ninaotumia: kwanza vile unavyofanya na siku yake, kisha kazi mupya na bei yake, kisha njia mbili ao tatu za kuchagua, kisha swali moja lenye tarehe. Neno "hapana" linaweza lisitokee kabisa na bado umekataa. Hivi njo ingeandikwa:

"Jambo papa, jambo mama. Aksanti kwa maono yenu, yamenisaidia.

Jumla ya risiti ilikuwa kosa upande wangu, nimeipata, inaisha kesho. Logo na ripoti ya kila darasa zinaingia mu kazi yetu ya sasa, Ijumaa tarehe 12 mutaziona. Kwa ripoti nimeelewa hivi: ukurasa mumoja kwa kila darasa na jumla ya shule ku mwisho, na hapo njo inaishia.

SMS kwa wazazi na mishahara ya walimu ni kazi mupya, haziko mu devi tuliyosinya. Zote mbili zinafaa kwa shule, kwa hiyo nimeziangalia muzuri.

SMS inaomba siku tatu na nusu, dola 210. Bei ya kila ujumbe shule inalipa yenyewe kwa mwenye kuuza SMS, haipite kwangu. Muko na njia tatu:

A. Tunaiongeza sasa kwa dola 210, na mwisho wa proje unatoka tarehe 12 unaenda Jumatatu tarehe 22.
B. Tunamaliza kwanza tarehe 12 kama tulivyopanga, SMS inakuja kama kazi ya pili mwezi ujao kwa bei ile ile.
C. Kwa sasa munatumia listi ya wenye deni inayotoka mu Excel, ambayo iko tayari mu devi, na papa anatuma ukumbusho mu WhatsApp. Hiyo haina bei.

Mishahara ni kubwa zaidi, sitaki kuwatajia bei ya kubahatisha. Napendekeza tuikalie saa moja kisha minervali ikiisha kutembea.

Naomba munijibu A, B ao C mbele ya Jumatano jioni. Kama hakuna jibu naendelea na B, ile tarehe yetu ya 12 isisogee."

Sasa tuangalie kwa nini kila kipande kiko pale kiko.

Kosa lako liko mbele na limekubaliwa waziwazi. Kliyan akiona umekubali lako bila kuzunguka, anaamini hata ukisema lingine siyo lako. Ukilificha nyuma ya maneno ya bei, atasema "arekebishe kwanza yake, kisha aje na mambo ya feza", na atakuwa na haki.

Bei iko pamoja na tarehe. Watu wengi wanataja dola wanasahau siku, kisha kliyan analipa zile 210 na bado anangojea yote Ijumaa. Na angalia, siku tatu na nusu kutoka tarehe 12 zingefika Alhamisi tarehe 18, mimi nimeweka 22, juu kukubaliwa kwa jina la shule litakaloonekana ku SMS hakutegemee wewe.

Njia ya C njo inalinda urafiki. Kliyan hakuomba SMS juu anapenda SMS, ana wazazi wasiolipa. Ukimupa namna ya kuwakumbusha leo, haujamuacha mikono mitupu. Lakini mwambie mipaka yake bila kungoja aulize: listi moja ya matangazo mu WhatsApp inabeba watu 256, kwa hiyo wazazi 450 ni listi mbili, na ujumbe unafika tu kwa mzazi aliyelinda namba ya shule mu simu yake. Usipomuambia hiyo, kisha wiki mbili atasema ulimupa njia mbovu ili anunue SMS.

Ule mustari wa mwisho nao, "kama hakuna jibu naendelea na B", usiuache. Ukinyamaziwa bila huo mustari, proje inasimama na lawama inakuja kwako. Ila usifanye kinyume, usiandike "kama hakuna jibu naendelea na A", hiyo ni kumulipisha mutu kwa kimya chake.

Vitu vya kutoa mu jibu lako kabla ya kutuma: "haiko mu kontra" kama mustari wa kwanza, "samahani" tatu mfululizo, maneno ya kodi ya nyumba na watoto wako (kliyan hakununua shida zako, na ukizitaja ataanza kupima kama ni za kweli), na vifungu vya sheria. Ni kweli kanuni yetu ya mikataba ya tarehe 30 mwezi wa 7 mwaka 1888, artikle ya 33, inasema mikataba iliyofanywa kisheria inakuwa ni sheria kwa wale walioifanya, na ni muzuri uijue, juu inakufunga na wewe pia: huwezi kupandisha bei peke yako. Lakini ukiitupa mu mesaji ya SMS za minervali umegeuza ongezi ya dola 210 kuwa kesi.

Hatua ya 6: kliyan akisukuma

Atasukuma, ni kawaida, wewe pia ungesukuma.

"Tulifikiri iko ndani." Usimuambie alifikiri vibaya. "Naelewa papa, juu maneno ya wenye deni yako mu devi. Pale ilikuwa listi ya Excel, mustari wa tano. SMS ni hatua inayofuata." Mutumie picha ya huo mustari na sinyatire, mara moja, bila kuongeza neno.

"Wewe ni mutoto wetu hapa." Hapa watu wanayeyuka. Jibu linaloshika kwangu ni hili: "Njo maana nawaambia bei mbele papa, nisikuje na fakture ya kushtua ku mwisho."

"Tutakupa kazi za shule zingine." Labda ni kweli. Jibu: "Aksanti sana, siku tukisinya ile ya pili nitaweka remizi ku ile ya pili." Punguzo linafuata kazi iliyosinyiwa, halitangulie ahadi.

"Kuko kijana anafanya hiyo kwa 50." Usimuseme vibaya yule kijana, usishushe. "Kama anaweza, mimi sina shida, nitamuonyesha mahali data ziko ili aunganishe, ila vile atakavyogusa vikiharibika kurekebisha kutakuwa kazi ya kulipwa." Na uandike hiyo, isibakie mu simu.

Inawezekana nawe unataka kuwapa kitu, juu ni watu wazuri na wanalipa siku yake. Toa, sina neno, lakini toa kitu chenye ukuta, tuseme ile SMS ya risiti tu bila ya madeni, na uiweke mu fakture kwa bei yake kamili, kisha chini yake remizi 100%. Kazi ya bure isiyoandikwa popote kliyan anaihesabu sifuri, na mwezi ujao anaomba ingine ya sifuri. Ikiwa na mustari wake wa dola 120 na remizi ya 120, anajua amepewa nini. Na usitoe ukiwa katikati ya kubishana. Toa mbele ao nyuma, juu ukitoa wakati anasukuma umemufundisha kwamba kusukuma kunalipa.

Hatua ya 7: wakichagua A, andika karatasi ndogo

Avena ya nusu ukurasa inatosha: namba ya devi ya kwanza, nini kinaongezwa (na nini hakimo, mufano bei ya SMS zenyewe), dola 210, tarehe mupya, nusu kulipwa mbele yaani 105, sinyatire ya mama. Ya mama, siyo ya papa. Kama mama yuko safarini, aandike mwenyewe mu WhatsApp "nakubali ongezi ya SMS kwa dola 210, mwisho tarehe 22", uilinde picha yake na uitume pia mu imeli. Tangu kanuni ya dijitali ya tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023, maandishi ya elektroniki yana nafasi yake mu sheria yetu, lakini faida ya kweli ni ingine: mutu akiandika bei kwa mukono wake mwenyewe hawezi kuisahau.

Usiguse SMS mbele ya zile 105 kufika. Hata "nianze kidogo ili niende mbio" usifanye, juu ukianza kidogo kliyan akiona kitu kinatembea ku ekrani, kwake kimeisha kuwa ndani ya bei.

Na ile kazi ya zamani?

Endelea nayo kama hakuna kilichotokea. Usishike ile rekebisho ya jumla ya risiti kama rehani mpaka wajibu juu ya SMS. Ni wakati huu njo unapaswa kutoa kitu mbele ya tarehe kama unaweza: logo tarehe 10, ripoti tarehe 11. Hapana yako ikifuatwa na kazi iliyofika mbele ya siku, watu hawaikumbuke sana.

Utajua imeingia vibaya kwa alama hizi: papa aliyekuwa anaandika kila siku ananyamaza, maswali yanaanza kukuja kupitia mutu mwingine, ao anaanza kuorodhesha makosa madogo ambayo jana hayakumusumbua. Ukiona hivyo acha kuandika. Panda mpaka Kadutu na programu mu mashini, umuonyeshe jumla inavyohesabu sasa kwa malipo ya dola na franka, umuache aandike malipo moja yeye mwenyewe, na usitaje SMS kama yeye hajaitaja. Akiitaja, ile mesaji yako ya A, B na C iko mu simu yake, fungueni muisome pamoja.

Kwa devi inayofuata, ongeza mistari miwili chini ya bei, itakupunguzia hizi simu zote: "Kisichoandikwa hapa juu ni kazi mupya na kinapewa bei yake mbele ya kuanza. Kazi mupya inahesabiwa dola 60 kwa siku, chini ya nusu siku haihesabiwe mara mbili za kwanza." Zile mara mbili ni nafasi yako ya kuwa mupole bila kubahatisha, na kliyan akisha kuzitumia, mara ya tatu yeye mwenyewe njo atakuuliza ni bei gani.